Hewa ya Jumanne asubuhi: tangi la upanuzi lililokosewa kwenye mfumo wa maji baridi

Jengo ni la ofisi, ghorofa tisa, katikati ya Dar es Salaam. Chila mbili, yaani mashine za kupoza maji, na pampu zake ziko chini, nyuma ya jengo. Maji baridi yanapanda kwa bomba la inchi sita ndani ya shafti, yanagawanyika kila ghorofa kwenda kwenye fankoili za vyumbani, zile feni zinazopuliza hewa kwenye koili ya maji baridi, kisha yanarudi chini yakiwa yamepata joto. Mfumo umefungwa: maji ni yaleyale, yanazunguka, hayakutani na hewa ya nje. Mchoro unasema hivyo, na ndivyo ilivyotakiwa.

Malalamiko yalikuwa ya ghorofa ya nane na ya tisa. Fankoili zilikuwa zinakoroma, nyingine zinapuliza hewa ya kawaida tu ilhali za ghorofa ya tatu zinagandisha watu. Mafundi wa jengo walikuwa na dawa yao: kupanda juu na ufunguo mdogo, kufungua skrubu ya kutolea hewa kwenye kila koili, kusubiri mfoko uishe na maji yaje, kufunga, kisha kushuka kuongeza maji mpaka geji ya chini isome 3.7 bar, kama kibandiko kilichobandikwa ukutani kilivyoagiza. Mambo yanatulia. Wiki inayofuata wanarudi palepale.

"Injinia, hapa tumetoa hewa mpaka tumechoka," fundi mkuu aliniambia. "Hatujui inaingilia wapi, maana bomba halivuji popote."

Alikuwa sahihi kwamba bomba halivuji. Nilichotaka kujua kwanza ni siku. Kitabu chao cha kazi kilionyesha kwamba malalamiko yanafika Jumanne asubuhi, mara chache Jumatano. Jumatatu karibu hakuna. Hilo ndilo lililonifanya niache kutafuta tundu na kuanza kutafuta presha, kwa sababu tundu halichagui siku, ila jengo la ofisi lina ratiba: mitambo inazimwa Ijumaa jioni, inawashwa Jumatatu alfajiri, na kila jioni ya kazi pampu zinasimama.

Hapa inabidi nieleze jambo moja ambalo watu wengi waliojifunzia kazi kwenye mifumo ya maji ya moto hulikosea wanapohamia kwenye maji baridi. Kwenye mfumo wa moto, presha iko chini kabisa wakati mtambo umezimwa na maji yamepoa. Ukiwasha, maji yanavimba, presha inapanda, na kazi ya tangi la upanuzi ni kupokea ule ujazo uliozidi. Kwenye maji baridi mambo yamegeuka. Maji yanavimba ukizima, yanasinyaa ukiwasha. Presha ya chini kabisa inapatikana katikati ya siku ya kazi, wakati kila kitu kinaonekana kizima. Kwa hiyo tangi la upanuzi la mfumo wa maji baridi lina kazi kubwa kuliko kupokea: lazima liwe na maji ya akiba ya kuurudishia mfumo wakati unasinyaa. Likikosa akiba hiyo, presha inashuka, na mahali inapoanza kwenda chini ya sifuri ya geji, yaani chini ya presha ya hewa ya nje, ni juu kabisa ya jengo.

Kiasi chenyewe si kikubwa, na ndiyo maana watu hukidharau. Maji yakitoka nyuzi 7 kwenda 35 yanavimba takriban asilimia 0.6. Yakitoka 10 kwenda 80 kwenye mfumo wa moto yanavimba karibu asilimia 2.9. Anayechukua kipimo cha mkato cha mfumo wa moto atanunua tangi kubwa mno kwa maji baridi. Anayeona asilimia 0.6 akasema "hiyo si kitu" atanunua dogo mno. Jengo hili lilikuwa la yule wa pili.

Tuanze na ujazo wa maji, kwa sababu bila huo hakuna hesabu. Njia bora ni kuweka mita ya maji kwenye bomba la kujazia siku ya kwanza na kuandika ilichosoma. Hapa hakuna aliyefanya hivyo, kwa hiyo tulihesabu mabomba. Bomba la chuma la inchi sita linabeba takriban lita 18.6 kwa mita, na lilikuwa na mita 150 ukijumlisha kwenda na kurudi: lita 2,790. La inchi nne linabeba lita 8.2 kwa mita, mita 200: lita 1,640. La inchi mbili linabeba lita 2.16, mita 400: lita 864. Vibomba vidogo vya kuingilia kwenye fankoili tulivikadiria lita 300, chila mbili lita 240 kwa vibandiko vyake, koili zote lita 180. Jumla inatoka lita 6,014, na tulichukua 6,000. Ukikosea kwa asilimia kumi hapa hufi, mradi umekosea kwa kuzidisha.

Tangi lililokuwepo lilikuwa la lita 80, jekundu, la aina ile yenye mpira ndani unaotenganisha maji na hewa. Liliunganishwa upande wa pampu unaovuta, na hapo ndipo panapotakiwa. Tulihakikisha kwa jaribio rahisi: unaangalia geji iliyo kwenye mdomo wa tangi huku mwenzako anazima na kuwasha pampu. Sindano haikusogea. Popote tangi lilipo, presha ya hapo haibadiliki kwa pampu, kwa kuwa pampu haiwezi kuongeza wala kupunguza maji yaliyo ndani ya tangi. Laiti lingewekwa upande wa pampu unaosukuma, presha yote ya pampu ingegeuka kuwa mvuto kwa mabomba ya kurudi, na ghorofa ya tisa ingekuwa na hewa kila saa badala ya kila Jumanne.

Kupima hewa ya tangi kuna namna yake, na ndiyo hatua ninayoona ikirukwa kuliko zote. Ukiweka geji ya tairi kwenye kile kijivali cha hewa huku tangi limeunganishwa, utasoma presha ya maji ya mfumo, basi. Mpira ukiwa katikati, pande zote mbili zinasukumana kwa presha ileile, na hutajua chochote kuhusu hewa iliyotiwa mwanzo. Lazima ufunge vali ya tangi, ufungue kitoleo chake mpaka maji yaishe kabisa, ndipo upime. Tulifanya hivyo. Maji yalitoka meusi kama wino, yakachukua muda, kisha geji ikasoma 1.5 bar. Hiyo ni presha ambayo matangi mengi hutoka nayo kiwandani. Aliyelifunga hakuigusa. Tulibonyeza pia kijivali kuona kama kinatoa maji badala ya hewa. Kama kingetoa maji, mpira ungekuwa umepasuka. Kilitoa hewa safi, mpira ulikuwa mzima.

Sasa presha ambayo jengo lilihitaji. Kutoka kwenye tangi hadi bomba la juu kabisa la ghorofa ya tisa ni mita 32. Kila mita 10.2 za maji ni 1 bar, kwa hiyo uzito wa maji peke yake unadai 3.14 bar chini ili juu iwe sifuri. Kibandiko cha 3.7 bar, kwa hiyo, kiliandikwa na mtu aliyejua anachofanya: kinaacha zaidi ya nusu bar juu. Tatizo ni kwamba 3.7 ilikuwa kweli kwa saa ile tu fundi alipofunga vali ya kujazia.

Ndani ya tangi, presha kamili ikizidishwa na ujazo wa hewa haibadiliki, mradi joto la tangi halijabadilika sana. Presha kamili ni ile ya geji ukiongeza 1 bar ya hewa ya nje. Tangi tupu: lita 80 kwa 2.5 bar kamili, tunapata 200. Namba hiyo ndiyo inayotuambia kila kitu kinachofuata.

Jumanne au Jumatano mfumo ukiwa baridi, mafundi wanajaza hadi 3.7. Kamili ni 4.7, kwa hiyo hewa imebanwa hadi lita 42.6, na maji yaliyo ndani ya tangi ni lita 37.4. Ijumaa jioni mtambo unazimwa. Mpaka Jumatatu alfajiri maji yamefika karibu nyuzi 28, na lita 6,000 zimevimba kwa lita 22. Lakini vali ya usalama ya mfumo imewekwa kufunguka 6 bar. Kwa 6 bar, kamili ni 7, hewa inabanwa hadi lita 28.6 na tangi linabeba lita 51.4 za maji. Yaani kutoka 3.7 hadi 6 tangi linaweza kupokea lita 14 tu. Lita 8 zilizobaki zinatoka kwenye vali ya usalama, zinaingia kwenye mfereji wa sakafuni, na kwa kuwa ni wikiendi hakuna anayeziona. Chini ya bomba la vali ile palikuwa na alama nyeupe ya chokaa na kutu, ya zamani, yenye duara juu ya duara. Mlinzi wa zamu alikuwa anajua kwamba "Jumapili panalowa pale". Hakuna aliyewahi kumuuliza. Kwa kweli zinazotoka huzidi 8 kidogo, maana vali ya usalama ikishafunguka haijifungi palepale kwenye 6. Inasubiri presha ishuke chini zaidi.

Jumatatu chila zinawashwa, maji yanarudi kwenye baridi yake na kusinyaa lita 22. Tangi lilikuwa na 51.4, sasa limebaki na 29.4. Hewa imetanuka hadi lita 50.6, presha kamili ni 3.95, na geji inasoma 2.95 bar. Jengo linadai 3.14. Juu, ghorofa ya tisa, presha ni chini ya sifuri kwa karibu 0.2 bar.

Mbona basi Jumatatu hakuna kelele? Kwa sababu pampu zinafanya kazi. Maji yanaposhuka kwenye bomba la kurudi yanapambana na msuguano, na msuguano huo unaongeza presha kidogo juu ukilinganisha na chini kwenye tangi. Kidogo hicho kilitosha kuficha tatizo mchana. Jioni pampu zinasimama, msuguano unakufa papo hapo, maji bado yako baridi, na bomba la juu linabaki na mvuto mtupu. Kwenye kila kilele cha bomba kulikuwa na kitoa hewa cha kujiendesha, kile chenye boya ndani. Kinatakiwa kutoa hewa. Presha ya ndani ikiwa chini ya ya nje, boya linashuka, tundu linafunguka, na hewa ya darini inaingia. Vifaa vilivyofungwa kuondoa hewa vilikuwa ndivyo vinavyoiingiza. Jumanne asubuhi pampu zinapowashwa, hewa ile inasukumwa kwenye koili za ghorofa ya nane na ya tisa, na simu zinaanza.

Hesabu ni hesabu. Tulitaka kuona kwa macho. Jumatatu jioni tulikuwa darini ghorofa ya tisa na geji inayosoma chini ya sifuri. Tulifunga vali ndogo iliyo chini ya kitoa hewa, tukaunga geji pembeni, tukasubiri pampu zizimwe. Sindano ilikuwa juu kidogo ya sifuri. Pampu ziliposimama ilishuka hadi karibu −0.2 na kukaa hapo. Kisha tulivalisha mdomo wa kitoa hewa mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ncha ya pili tukaitumbukiza kwenye kikombe cha maji, tukafungua ile vali. Kama kitoa hewa kingekuwa kinafanya kazi yake, tungeona mapovu kikombeni. Maji yalipanda kwenye mpira, yakapita kwenye kitoa hewa, kikombe kikakauka. Fundi mkuu aliongeza kikombe cha pili ahakikishe, nacho kikakauka.

Kuna wazo jingine lililokuwa linazunguka pale kabla ya jaribio hilo, kwamba hewa inatoka kwenye maji mapya yanayoongezwa. Si uongo, lakini tuone ukubwa wake. Lita moja ya maji ya bomba ya nyuzi 30 inabeba takriban mililita 15 za hewa iliyoyeyuka. Lita 8 za kila wiki zinaleta mililita 120, nusu glasi. Ule mvuto wa jioni, hadi presha ya juu irudi kwenye sifuri, unaingiza zaidi ya lita mbili. Madhara ya maji mapya yako kwingine: yanaleta oksijeni na chokaa wiki baada ya wiki. Hewa ya darini nayo ina oksijeni, na maji yale meusi yaliyotoka kwenye tangi yalikuwa chuma cha mabomba kilicholiwa. Tuliacha sampuli itulie kwenye chupa, tukapitisha sumaku pembeni, na tope lote likaifuata.

Sasa tangi sahihi. Joto la chini tulichukua nyuzi 6 na la juu 35, kwa kuwa mabomba ya nje yanapigwa na jua na siku moja mtambo utazimwa wiki nzima Januari. Asilimia 0.6 ya lita 6,000 ni lita 36. Juu yake tuliweka akiba ya nusu asilimia, lita 30, ambayo ni maji yanayobaki ndani ya tangi hata mfumo ukiwa kwenye baridi yake ya mwisho, ili kukiwa na uvujaji mdogo au hewa ikitolewa pasiwe na mvuto. Presha ya hewa ya tangi tuliiweka 3.5 bar, yaani 3.14 ya urefu na nyongeza kidogo. Presha ya juu kabisa tuliyokubali ni 5.4, asilimia kumi chini ya vali ya usalama. Hesabu yenyewe:

```
V = (36 + 30) × (5.4 + 1) / (5.4 − 3.5)
V = 66 × 3.37
V = 222 lita
```

Tulichukua tangi la lita 300. Lita 250 lingetosha, lakini ujazo wetu wa mabomba ulikuwa wa kukadiria, na mwenye jengo alikuwa anazungumzia kuongeza fankoili kwenye ukumbi wa chini.

Swali lililoulizwa na ambalo ni zuri: mbona tusiongeze hewa tu kwenye lile la lita 80 iwe 3.5? Weka namba. Lita 80 mara 4.5 ni 360. Kwa 5.4 bar hewa ni lita 56, kwa hiyo tangi linabeba lita 24 za maji kwa jumla. Linameza zile lita 22 za wikiendi ya kawaida kwa shida na kubakiwa na akiba ya lita 2. Uvujaji wa tone moja kwenye muhuri wa pampu utaimaliza. Kusahihisha presha kungepunguza kelele kwa muda na kuwaaminisha watu kwamba kazi imekwisha.

Kuna njia nyingine ambayo ningeipenda zaidi kama shafti ingeruhusu: kuliweka tangi juu ya paa, kwenye kilele cha bomba la kurudi. Kule hakuna mita 32 za maji zinazolibana, kwa hiyo presha yake ya kuanzia ni 0.36 badala ya 3.5, na ya mwisho 2.26 badala ya 5.4. Lita zilezile 66 zinahitaji tangi la lita 113 tu, nusu ya lile la chini. Kwenye jengo refu zaidi ya hili tofauti inakuwa kubwa sana. Hapa shafti ya juu ilikuwa imezibwa kwa ukuta wa ofisi, tukabaki chini.

Tangi jipya lilifungwa palepale kwenye bomba la kurudi kabla ya pampu, kwa bomba fupi lenye vali ya kufunga na kitoleo cha maji kati ya vali na tangi. Mpini wa vali tuliuondoa na kumkabidhi fundi mkuu. Vali ya tangi la upanuzi ikifungwa kwa bahati mbaya, mfumo hauna tangi, na lita 22 zote zitapitia kwenye vali ya usalama. Hewa ilitiwa 3.5 bar kwa kompresa kabla ya tone la maji kuingia, kisha tukapima tena baada ya saa kadhaa kuona kama imekaa.

Kujaza ndiko ambako uvumilivu unalipa. Maji yaliingia kutoka chini, polepole, pampu zimezimwa, na watu wawili wakapanda ghorofa moja baada ya nyingine wakifungua vitoa hewa vya mkono. Ukijaza haraka, maji yanapita chini ya hewa na kuifungia kwenye mabomba ya mlalo, na hewa iliyofungiwa hivyo inachukua siku kutoka. Mfumo ulipojaa, tuliendesha pampu bila chila, maji yakiwa ya joto. Sababu ni kwamba maji ya joto yanashika hewa kidogo kuliko ya baridi; ukianza kuyapoza mapema, yanameza mapovu na kuyaficha. Pampu zinazunguka, zinasimama, mapovu yanapanda, watu wanatoa hewa juu, pampu zinawashwa tena. Machujio ya pampu yalifunguliwa na kusafishwa mara mbili, na kila mara yalikuwa yamejaa lile tope jeusi.

Kisha presha ya kujazia, na hapa ndipo kibandiko cha zamani kilipobadilishwa. Maji yalikuwa na nyuzi 30. Yakipoa hadi 7 yatasinyaa takriban lita 26, na tunataka yabakie lita 30 kwenye tangi. Kwa hiyo wakati wa kujaza lazima tangi liwe na lita 56. Lita 300 mara 4.5 ni 1,350. Ukigawanya kwa lita 244 za hewa zinazobaki unapata 5.5 kamili, yaani 4.5 kwenye geji. Tulijaza hadi 4.5 bar. Fundi mmoja alishtuka akaona ni nyingi mno. Saa chache baada ya chila kuwashwa geji ilikuwa 4.0 na ikakaa hapo. Kibandiko kipya kina mistari miwili: "Maji ya joto, nyuzi 30: 4.5" na "Maji baridi, chila zinafanya kazi: 4.0". Namba moja isiyo na joto pembeni yake haimsaidii fundi kwenye mfumo wa maji baridi.

Vali ya kujazia yenyewe, ambayo msimamizi wa jengo alikuwa ameifunga kwa kuogopa bili, ilifunguliwa na kuwekwa 3.8 bar, chini ya presha ya kawaida ya kazi. Kwa 3.8 tangi bado lina lita 19, kwa hiyo inaingiza maji kabla mambo hayajaharibika, ila haigusi kitu mfumo ukiwa mzima. Mbele yake tuliweka mita ndogo ya maji. Mita ile ndiyo itakayosema ukweli miaka ijayo: ikisogea, kuna maji yanatoka mahali, na yatafutwe.

Kulikuwa na kitenga hewa kizuri, cha bei, kilichofungwa chini karibu na pampu, na mwenye jengo aliuliza kwa haki kwa nini hakikusaidia. Kifaa hicho kinakamata mapovu. Chini kuna karibu 5 bar kamili, juu kuna chini ya 2. Maji ya chini yanaweza kuyeyusha karibu mara tatu ya hewa ambayo yaleyale yangeshika juu, kwa hiyo povu likishuka mita 32 linayeyuka njiani na kupita kwenye kitenga hewa kama maji matupu, kisha linapanda na kujitokeza tena ghorofa ya tisa. Mahali pa kukamata hewa ni pale maji yana joto zaidi na presha ndogo zaidi, na kwenye mfumo huu ni kilele cha bomba la kurudi. Kama lazima kifaa kikae chini kwenye jengo refu, kinachofaa ni mashine inayochota maji kidogo kidogo, kuyavuta kwenye ombwe hadi hewa itoke, na kuyarudisha. Hapa haikuhitajika. Kitenga hewa tulikiacha, kina faida wakati wa kujaza. Vitoa hewa vya kujiendesha vya juu navyo vilibaki, lakini baada ya wiki chache za kwanza tulifunga vali ndogo chini ya kila kimoja. Najua wapo wanaopinga hili. Mimi naona kwamba mfumo ambao hauingizi hewa hauna sababu ya kuacha milango wazi darini, na siku presha ikianguka kwa sababu nyingine, vali iliyofungwa itazuia hewa isiingie.

Wikiendi ya kwanza geji ya Jumatatu alfajiri ilisoma 4.4, na vali ya usalama ilikuwa kavu. Jumatatu jioni pampu ziliposimama, geji ya ghorofa ya tisa ilishuka hadi kati ya 0.8 na 0.9 bar, juu ya sifuri. Jumanne ghorofa ya tisa ilikuwa kimya, isipokuwa koili mbili za mwisho wa ukumbi zilizokuwa na mfuko wa hewa kwenye kona ya bomba lililopinda juu bila kitolea hewa. Pale ilibidi kukata na kuweka kimoja.

Kinachobaki ni matunzo ya mwaka. Mpira unapitisha hewa polepole, kwa hiyo kila mwaka tangi lifungwe, limwagwe maji, lipimwe, lirudishwe 3.5. Na kwa anayetaka kutumia hesabu hii Nairobi au Arusha, kumbuka kwamba ile 1 bar ya hewa ya nje niliyojumlisha ni ya pwani. Nairobi, kwenye mita zaidi ya 1,600, ni takriban 0.83, kwa hiyo kila mahali nilipoongeza 1 ongeza 0.83. Presha za geji hazibadiliki, kwa kuwa uzito wa maji ni uleule, ila maji yakiwa kileleni yanashika hewa pungufu kidogo kuliko ya pwani.